Jumatatu Uripoti Birmingham

Mwanzoni mwa Juni 1987, karani wa ngazi ya chini katika tawi la United Bank mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, aliambiwa kwamba kuanzia Jumatatu inayofuata kituo chake cha kazi ni Birmingham. Alikuwa ameitumikia benki hiyo tangu 1978. Kati ya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 190, na kati ya siku aliyopewa taarifa na siku ya kuripoti hapakuwa na hata wiki nzima. Mkewe alikuwa mgonjwa. Nyumba yao ilikuwa bado haijauzwa. Aliomba uhamisho usogezwe mbele kwa miezi 3, akakataliwa. Akaomba likizo ya siku 24 aweke mambo ya nyumbani sawa, hakujibiwa. Kilichofuata ni mshahara kusimamishwa.

Benki haikuona kosa lolote, kwa sababu mkataba ulikuwa upande wake. Karani alikuwa ametia saini kipengele kinachosema kwamba benki inaweza kumhamisha mfanyakazi, kwa muda au moja kwa moja, kwenda mahali popote nchini Uingereza ilipo na ofisi, na kwamba posho ya kuhama inaweza kulipwa kwa hiari ya benki. Kuhusu notisi, mkataba haukusema neno. Kwa hesabu ya benki, kisichoandikwa hakipo: aliyekubali kuhamishwa popote amekubali kuhamishwa popote, na wakati wowote.

Karani aliacha kazi, akaenda kudai kwamba amefukuzwa. Madai hayo huwashangaza watu wengi, maana hakuna aliyempa barua ya kuachishwa. Lakini sheria ya kazi ya Uingereza, na ya nchi nyingi zilizorithi mfumo wake, inakubali kwamba mwajiri anaweza kumfukuza mtu bila kutamka. Akivunja mkataba kwa kiwango ambacho mfanyakazi hana tena namna ya kuendelea, kuondoka kwa mfanyakazi kunahesabiwa kuwa ni kufukuzwa. Shauri lilifika mpaka Baraza la Rufaa za Ajira, na uamuzi wake ukachapishwa 1989. Karani alishinda.

Sababu za ushindi huo ndizo zilizofanya jina la benki hiyo litajwe katika mashauri ya uhamisho mpaka leo. Baraza halikusema kwamba kipengele cha uhamisho ni batili. Lilisema kwamba kipengele kama hicho kinakuja na masharti mengine yasiyoandikwa, ambayo mwajiri anabanwa nayo hata kama mkataba umenyamaza. La kwanza ni kumpa mfanyakazi notisi ya kutosha. La pili ni kwamba ile hiari ya kulipa au kutolipa posho ya kuhama isitumiwe kwa namna inayomfanya mfanyakazi ashindwe kabisa kutekeleza amri aliyopewa. La tatu, lililo juu ya yote, ni kwamba mwajiri asitende jambo, bila sababu ya msingi, linalovunja kuaminiana kati yake na mfanyakazi. Karani mwenye mshahara mdogo anayetakiwa kuhamisha familia ndani ya siku chache, bila msaada na bila jibu la barua zake, alikuwa amepewa amri isiyotekelezeka. Haki ya kumhamisha ilikuwepo. Kilichovunja mkataba ni jinsi haki hiyo ilivyotumiwa.

Kuna jambo moja katika shauri hili ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, nalo lina uzito kuliko yote: karani hakukataa kwenda Birmingham. Aliomba muda, akataja sababu, akataja miezi. Barua zake zilionyesha mtu anayetafuta njia ya kutii. Kama angejibu kwa neno moja tu, “Siendi”, huenda hadithi ingekuwa nyingine kabisa, kwa kuwa hapo mgogoro ungehama kutoka kwenye mwenendo wa benki na kuingia kwenye mwenendo wake.

Na wapo walioondoka wakashindwa. Mwaka 2004 serikali ya Uingereza iliamua kufunga kituo cha ukaguzi wa uhamiaji kwenye stesheni ya treni ya Waterloo jijini London, mahali treni za kutoka Paris na Brussels zilipokuwa zikiishia wakati huo. Maofisa wa uhamiaji waliokuwa pale walielekezwa uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi mwa jiji hilohilo, kwa kutumia kipengele cha uhamisho katika mikataba yao. Baadhi waliacha kazi, wakadai kama yule karani wa Leeds kwamba wamefukuzwa kwa mlango wa nyuma: kazi yao Waterloo imekwisha, kwa hiyo wanastahili kushughulikiwa kama watu waliopunguzwa kazini, pamoja na mashauriano na malipo yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani iliwakatalia. Mikataba ilikuwa na kipengele halali, wizara ilikitaja tangu siku ya kwanza na haikukiacha, na eneo jipya lilikuwa ndani ya kile walichokikubali. Mwajiri ambaye kituo chake kinafungwa, mahakama ilieleza, anaruhusiwa kuchagua kuwahamisha watu wake badala ya kuwapunguza.

Ila lazima achague njia moja. Hilo lilikuwa limekwisha kusemwa miaka 15 kabla, katika shauri la walinzi wa kampuni ya Securicor waliokuwa wakihudumu kwenye kituo cha wahamiaji uwanja wa ndege wa Gatwick. Kampuni ilipopoteza zabuni, iliwazungumzia wafanyakazi kama watu wanaopunguzwa, ikawapa kazi mbadala za kuchagua, na baadaye, ilipodaiwa malipo ya kupunguzwa, ikageuka na kusema walikuwa chini ya kipengele cha uhamisho tangu mwanzo. Baraza la Rufaa lilikataa mchezo huo. Mfanyakazi ana haki ya kujua amesimama wapi: anaamriwa kuhama, au anaambiwa nafasi yake imekufa na anaombwa kufikiria nafasi nyingine? Amri na ombi havijibiwi kwa namna moja, na asiyejua kipi kimemfikia hawezi kuamua kwa haki.

Hapa ndipo swali la gazeti hili linapokaa vizuri. Mtu amepewa barua ya uhamisho, mkataba wake una kipengele, naye amekataa waziwazi. Mwajiri amemfukuza kwa kutotii amri. Je, kufukuzwa huko ni kwa haki?

Jibu lililo wazi kuliko yote lilitolewa Uingereza mwaka 2016, katika shauri la kampuni ya uhandisi ya Kellogg Brown & Root. Kampuni ilifunga ofisi yake ya Greenford, magharibi mwa London, na kuwataka wafanyakazi wahamie Leatherhead, mji ulio kusini katika jimbo la Surrey. Mkataba ulisema kwamba kampuni inaweza kumtaka mfanyakazi afanye kazi mahali pengine, pakiwemo ofisi yoyote mpya, ndani ya Uingereza au ng’ambo, kwa muda au moja kwa moja. Wafanyakazi wawili walikataa kwa sababu ya urefu wa safari ya kila siku. Mmoja alikuwa ameitumikia kampuni kwa takriban miaka 25, na mwingine alikuwa anakaribia kustaafu. Wote wawili walifukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Baraza la kwanza lilijiuliza maswali matatu, kwa mpangilio ambao mtu yeyote mwenye barua ya uhamisho mkononi anaweza kuutumia. Je, amri yenyewe ilikuwa halali kimkataba? Kama ilikuwa halali, je, ilikuwa ya busara kumpa mtu huyu, katika hali hii? Na je, mfanyakazi alikuwa na sababu za maana za kukataa?

Kwenye swali la kwanza, baraza liliona kwamba kipengele kilichoandikwa kwa upana wa dunia nzima hakina mipaka inayoeleweka. Mwenye kukisoma hawezi kujua amejifunga kwa nini hasa. Kwenye la pili na la tatu, lilitazama miaka ya utumishi, umri, na saa za barabarani ambazo zingeongezwa kwenye maisha ya watu hao, likaona amri haikuwa ya busara na kukataa kulikuwa na msingi. Kampuni ilikata rufaa. Baraza la Rufaa lilikubaliana nayo katika nukta moja: kwamba sababu halisi ya kuwafukuza ilikuwa kukataa kwao kutii, si kupunguzwa kazini. Kwa kampuni, hiyo haikutosha. Kufukuzwa kulibaki kuwa si kwa haki, maana kosa la kutotii halisimami pale ambapo amri yenyewe haikustahili kutiiwa.

Ukiziweka Waterloo na Greenford kando kwa kando, unaona kwamba umbali wa kilomita hauamui peke yake. Maofisa wa uhamiaji walikuwa watumishi wa idara iliyo na vituo vingi, ambayo kipengele chake walikijua kuwa ni sehemu ya kazi, na mwajiri aliyesema neno moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wafanyakazi wa Greenford walikuwa na kipengele ambacho kingewapeleka hata bara jingine, na hali zao binafsi hazikupewa uzito unaostahili kabla ya adhabu kubwa kuliko zote kutolewa.

Upo pia upande wa kipengele chenyewe, kabla hakijatumiwa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri dhidi ya British Council, taasisi ambayo miaka hiyo ilikuwa ikihamisha sehemu ya shughuli zake kutoka London kwenda Manchester. Mfanyakazi mwanamke alipandishwa daraja, na daraja jipya likaja na kipengele kinachomtaka afanye kazi popote Uingereza atakapopelekwa. Alikipinga kabla hajaamriwa kwenda popote. Hoja yake ilikuwa kwamba wake wengi, kuliko waume, wana kipato kidogo kuliko wenza wao, na familia haihami kufuata mshahara mdogo, kwa hiyo kipengele kile kinawabana wanawake zaidi. Mahakama iliikubali hoja hiyo: kipengele cha namna hiyo kinaweza kuwa ubaguzi, mwajiri asipoonyesha kwamba aina ya kazi inakihitaji kweli. Hoja hii inastahili kujulikana Afrika Mashariki kuliko ilivyo sasa. Vipengele vya “kituo chochote cha kazi nchini” vimejaa kwenye mikataba ya benki, kampuni za simu na mashirika yasiyo ya kiserikali, hata kwa wahudumu wa mapokezi ambao kazi yao haina sababu yoyote ya kuzunguka nchi.

Kwa Tanzania na Kenya, mashauri ya Uingereza hayaamui kitu moja kwa moja, ingawa misingi yake ni ya ukoo mmoja na sheria za mkataba tulizonazo. Kinachoamua ni sheria zetu za ajira, na hizo zimeandikwa kwa namna inayolifanya lile neno “busara” kuwa na thamani ya fedha taslimu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri katika kifungu cha 15 ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na mahali pa kazi ni moja ya mambo yanayotakiwa kutajwa. Jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri anapaswa kuyarekebisha maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Sheria ya Kenya ya 2007 ina agizo linalofanana na hilo katika kifungu cha 10. Kwa hiyo hata pale mkataba unapompa mwajiri uwezo wa kuhamisha, barua inayodondoka mezani bila mazungumzo yoyote inaanza safari yake na kasoro.

Chukua mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Mhasibu wa kampuni binafsi ya usambazaji ameajiriwa Mwanza na amefanya kazi miaka 8. Mshahara wake wa msingi ni Sh 1,300,000 kwa mwezi, naye anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Mkataba wake unasema anaweza kuhamishiwa tawi lolote nchini. Siku moja anapokea barua: tawi la Mwanza linafungwa, aripoti Mtwara baada ya siku 10. Barua haitaji nauli, haitaji mizigo, haitaji posho ya kujikimu. Ana watoto wawili walio katikati ya muhula, na mama mzee anayehudhuria kliniki Bugando.

Kisheria, mambo matatu yanaweza kumpata akikataa, na kila moja lina bei yake.

Kampuni inaweza kumshtaki kwa kutotii amri. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinahesabu ukaidi mkubwa kuwa moja ya makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi hata kwa mara ya kwanza. Kosa hilo likithibitika kwa haki, mhasibu hana kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, maana kifungu cha 42 kinamnyima mtu aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Lakini lazima lithibitike. Kanuni zilezile zinataka amri au sheria iliyovunjwa iwe halali na ya busara, iwe wazi, mfanyakazi awe anaijua, na kuachishwa kuwe adhabu inayolingana na kosa. Mwajiri aliyetoa siku 10 kutoka Ziwa Victoria hadi mpaka wa Msumbiji, bila kutaja hata nauli, atapata taabu kwenye neno “busara”.

Njia ya pili ni ya uungwana zaidi. Kampuni inaweza kukiri kwamba tawi linakufa, ikafuata kifungu cha 38 kuhusu kupunguza wafanyakazi: kutoa notisi ya nia hiyo, kueleza sababu, na kushauriana. Katika mashauriano hayo, Mtwara inakuwa kazi mbadala inayopendekezwa, si amri. Kiinua mgongo kinakokotolewa kwa siku zisizopungua 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi ukomo wa miaka 10. Kwa mhasibu wetu, mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa siku 26 unatoa Sh 50,000 kwa siku. Siku 7 ni Sh 350,000, na miaka 8 inafikisha Sh 2,800,000. Kiasi hicho hakimpiti moja kwa moja, kwa sababu kifungu kilekile cha 42 kinasema mfanyakazi aliyepunguzwa hapati kiinua mgongo kama amekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi. Swali la Greenford linarudi tena, safari hii likiwa limebeba Sh 2,800,000: je, kukataa kwake kuna msingi? Watoto wa shule na mama mgonjwa ni sababu zinazosikika. Kutopenda tu joto la pwani si sababu.

Ya tatu ndiyo inayowaangusha watu wengi, na inauma kuiona ikijirudia kwa sababu haihusiani kabisa na ubora wa hoja zao. Mfanyakazi anakasirika, anaiweka barua kwenye droo, haendi Mtwara, haandiki chochote, na ofisi ya Mwanza imekwisha fungwa. Siku zinapita. Anapokuja kuitwa, shitaka si la kukataa uhamisho tena, ni la utoro. Kanuni za 2007 zinatambua kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa na bila sababu inayokubalika, kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu. Habari za mama na watoto, ambazo zingemsaidia kama zingekuwa kwenye barua ya wiki ya kwanza, sasa zinasikika kama visingizio vya mtu aliyekamatwa.

Kwa hiyo mhasibu mwenye busara anaandika mapema. Barua yake haianzi na neno “nakataa”. Inataja kwamba amepokea taarifa ya uhamisho na tarehe aliyoipokea. Inaeleza hali yake kwa mambo yanayoweza kuthibitishwa: muhula unaisha lini, kadi ya kliniki inaonyesha nini. Inaomba vitu vinavyopimika, kama tarehe mpya ya kuripoti, nauli yake na ya wategemezi, gharama za mizigo, na posho ya siku za mwanzo. Inauliza kama ipo nafasi katika tawi la karibu, labda Shinyanga au Musoma. Na inasema wazi kwamba wakati akisubiri jibu yuko tayari kufanya kazi, na anaripoti wapi. Nakala inabaki kwake, ikiwa na mhuri wa kupokelewa au ujumbe unaoonyesha kwamba imefika. Mwajiri akikaa kimya baada ya barua hiyo, ukimya wake ndio utakaosomwa mbele ya msuluhishi.

Kuna mstari mmoja zaidi ambao mhasibu anayekubali kwenda anapaswa kuutafuta kwenye barua ya uhamisho, nao ni ule unaohusu mahali alipoajiriwa. Kifungu cha 43 cha sheria ya Tanzania kinampa mfanyakazi anayeachishwa kazi mbali na mahali alipoajiriwa haki ya kusafirishwa kurudi huko, yeye na mizigo yake, au kulipwa nauli, pamoja na gharama za kujikimu kwa siku za kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Aliyeajiriwa Mwanza akaachishwa Mtwara anayo haki hiyo. Lakini zipo barua za uhamisho zinazokuja na mkataba mpya wa kutiwa saini, na mkataba mpya unaandika kwamba mahali pa kuajiriwa ni Mtwara. Asiyeusoma mstari huo anaweza kutia saini na kujikuta miaka miwili baadaye amekwama kusini na makabati yake, akibishana na mwajiri kuhusu nauli ya kurudi.

Kwa upande wa mwajiri, hata mwenye hoja nzuri anaweza kuipoteza kwa haraka. Mtu aliyekataa uhamisho bado ana haki ya kusikilizwa. Tanzania inataka uchunguzi ufanyike kwanza, shitaka liandikwe kwa lugha anayoielewa, na apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, ambapo anaweza kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Nchini Kenya, kifungu cha 44 kinaruhusu kumfukuza papo hapo mtu aliyekaidi amri, lakini amri hiyo iwe ni halali na inayostahili, na kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu mbele ya mwenzake aliyemchagua na maelezo yake yasikilizwe. Mwajiri aliyefukuza kwa ujumbe wa simu saa moja baada ya kusikia “siendi” amejiundia kesi mpya, isiyohitaji hata kugusa suala la uhamisho.

Sheria ya Tanzania inakataza pia ubaguzi katika sera na taratibu za kazi, na kati ya misingi inayotajwa kwenye kifungu cha 7 zimo ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Hapo ndipo hoja ya yule mfanyakazi wa British Council ingepata makazi. Kampuni inayowahamisha wasiooa kwa notisi ya miezi 2 na kumpeleka mama mwenye mtoto mchanga kwa notisi ya siku 10, au inayomkumbuka mtu kwa uhamisho siku chache tu baada ya kurudi kutoka likizo ya uzazi, itabidi ieleze kwa nini. Mpangilio wa matukio ndio unaozungumza katika mashauri ya aina hii. Uhamisho unaokuja mara tu baada ya mfanyakazi kudai malimbikizo, kuchaguliwa kiongozi wa tawi la chama, au kutoa taarifa ya wizi, unatazamwa kwa jicho jingine: je, kituo kipya kilikuwa na pengo la kujazwa? Nani alikuwa pale kabla? Baada ya mtu huyu kufukuzwa kwa kukataa, nafasi ya Mtwara ilijazwa na nani, na lini? Ikionekana kwamba haikujazwa na mtu yeyote, hoja ya mahitaji ya kampuni inabaki bila miguu.

Haya yote yanahusu zaidi sekta binafsi. Watumishi wa umma wana kanuni zao za kudumu kuhusu uhamisho, posho na stahiki za kuhama, na migogoro yao ina ngazi zake za rufaa.

Kwa aliyeko sekta binafsi Tanzania, mlango wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mlango huo una saa. Mgogoro unaohusu kuachishwa kazi unatakiwa uwasilishwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Mgogoro wa aina nyingine, kwa mfano madai ya mtu ambaye bado yuko kazini na anabishania nauli au uhalali wa uhamisho wenyewe, una siku 60 tangu ulipoanza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini itabidi aeleze sababu ya kila siku iliyopita, na “nilikuwa nasubiri wabadilishe mawazo” ni jibu ambalo mara nyingi halipokelewi.